Mpangaji katoweka na funguo: uvunje kufuli mwenyewe, umwite dalali au uende jopo la kodi?

Mpangaji wa chumba namba saba alilipa mara ya mwisho tarehe 5 Desemba. Januari ikapita, simu inaita haipokelewi, mwisho wa mwezi ikawa haiko hewani kabisa. Jirani yake akaniambia alimwona usiku na begi moja na ndoo, akamsalimia, akapanda bodaboda, basi. Mlangoni kaacha kitasa kimefungwa na juu yake kufuli lake mwenyewe, funguo zote kaenda nazo. Dirishani ukichungulia kwenye upenyo wa pazia unaona tivi iko, godoro liko, mtungi wa gesi uko. Sasa huyu kahama au hajahama? Hilo ndo swali, na kila njia utakayochagua inajibu swali hilo tofauti, ndo maana watu wanachanganya njia mbili kisha zinawaumiza zote.

Mie nasimamia nyumba za mama huku Bamburi, vyumba kumi na viwili, kwa hiyo nayoandika hapa ni ya Kenya, sheria za Kenya. Ukiwa Tanzania au Uganda usichukue tarehe na vifungu vyangu ukavibandika kwenu. Na nasema mapema kabisa kwamba nyumba ni jambo moja na mali iliyomo ndani ni jambo lingine. Unaweza ukawa na haki kamili ya kurudisha nyumba leo na bado usiwe na haki ya kuuza hata sufuria moja iliyomo. Wengi wetu tunafikiria tukishafungua mlango kihalali basi kila kitu ndani ni chetu, manake jamaa ana deni. Hapana.

Kabla ya kulinganisha njia, jua kwanza nyumba yako iko kapu gani, ju hapo ndo wengi wanapotelea. Kama ni nyumba ya kuishi na kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ina jopo lake na huwezi kujiamulia. Kama ni duka, hoteli au kibanda cha chakula na hakuna mkataba wa maandishi, au mkataba upo lakini hauzidi miaka 5, mpangaji wako analindwa na Sura ya 301, na mambo yake yanaenda jopo la kodi za majengo ya biashara, lile watu wanaita BPRT. Zilizobaki, yaani vyumba kama vyangu vya elfu tisa, ziko chini ya mkataba wenu na Sheria ya Ardhi ya 2012. Chumba namba saba kilikuwa huko.

Njia ya kwanza, ya bei rahisi kuliko zote, ni kumfanya mpangaji mwenyewe aseme kwamba kaondoka. Watu wanaidharau lakini jaribu kabla ya kitu kingine. Meseji moja ya Wasap ikisema "nimehama, vitu vilivyobaki chukueni" ina thamani kuliko notisi tatu, manake inakumalizia maswali yote mawili kwa pamoja: nyumba karudisha na mali kaachilia. Funguo ni ushahidi tu. Mtu anaweza kumwachia soja funguo na asiwe amehama, labda kaenda safari na anaogopa kuzipoteza, na mwingine anaweza kuhama kabisa akakaa na funguo mfukoni miaka miwili kwa sababu hakutaka kuonana na wewe uso kwa uso ukamdai. Kinachohesabika ni kwamba yeye kaonyesha ameiacha nyumba na wewe ukaikubali. Kwa hiyo soja akipokea funguo mwambie amuulize palepale "umehama?" na jibu liandikwe kwenye daftari na saa. Mie nilimtumia huyu wa namba saba meseji nne, nikampigia na yule aliyemwandika kama mtu wa karibu kwenye fomu, ambaye ni dada yake. Dada akasema hata yeye anamtafuta. Njia ya kwanza ikafa hapo.

Njia ya pili ni notisi halafu kuingia mwenyewe kwa amani. Hii ndo niliyoifuata na watu wengi hawajui kama ipo kisheria, wanafikiri kila kuingia bila amri ya korti ni kosa. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 73, inasema mwenye nyumba aliye na haki ya kufuta upangaji anaweza kuitumia haki hiyo kwa kuingia na kukaa kwenye nyumba, lakini iwapo mpangaji hayumo wala hakuna mtu mwingine anayekaa humo kupitia kwake. Kama kuna mtu, hata mdogo wake tu anayelala pale, unaenda kortini, hakuna njia ya mkato. Na kabla ya kufuta kwa sababu ya kodi lazima umpe notisi chini ya kifungu cha 75, isiyopungua siku 30, inayomweleza kosa ni nini na arekebishe vipi, yaani alipe kiasi gani kufikia lini. Siku 30 ndo watu wanaziona ndefu wanaruka. Usiruke. Zile siku 30 ndo zinazokulinda kesho akitokea na wakili.

Njia ya tatu ni dalali, yaani kukamata mali kwa ajili ya kodi chini ya Sura ya 293. Hii inakaa vizuri masikioni, deni ni langu, mali iko nyumbani kwangu, dalali aje abebe auze. Na ni halali, ipo miaka mingi. Lakini kwa nyumba iliyotelekezwa imefungwa, ndo njia mbovu kuliko zote, na sababu zake ntazieleza hapa chini kwa kirefu kidogo ju hapa ndo pesa za watu zinaliwa.

Njia ya nne ni amri, ya jopo au ya mahakama. Inachelewa, ina gharama, lakini ukishaipata hakuna wa kukuuliza.

Sasa dalali. Kwanza si mtu yeyote mwenye pikapu na vijana wanne. Anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, na iwe leseni inayomruhusu kukamata mali, sio ya kupiga mnada tu. Akija anaorodhesha mali, anaacha karatasi ya kutangaza alichokamata, na mpangaji anapewa siku 14 za kulipa kabla vitu havijachukuliwa kuuzwa. Mpaka hapo sawa. Lakini mie nilipompigia dalali mmoja wa mjini swali lake la kwanza halikuwa "anadaiwa ngapi" bali "mlango uko wazi?" Nikamwambia umefungwa, hakuna mtu. Akacheka kidogo akasema basi tunaanzia kortini. Manake dalali hana ruhusa ya kuvunja mlango wa nje uliofungwa, inabidi aombe amri mahakamani na polisi wa kumsindikiza. Kwa hiyo ile raha ya "dalali haihitaji korti" inaisha palepale funguo zinapokosekana. Umerudi njia ya nne kupitia mlango wa uani, na ada ya dalali juu.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi. Kukamata mali kwa kodi kunategemea upangaji uwe bado upo. Ukiita dalali unasema "huyu bado ni mpangaji wangu na ananidai... ee, namdai". Ukifuta upangaji ukaingia unasema "huyu si mpangaji wangu tena". Huwezi kusema yote mawili wiki moja. Nimeona mtu aliyebadilisha kitasa Jumatatu, akampangisha mwingine Jumatano, kisha Ijumaa anataka dalali akamate vile vitu alivyovirundika kwenye korido. Umekamataje kwa kodi ya nyumba uliyokwisha kuichukua? Hapo wakili wa upande wa pili anakunywa chai taratibu.

Kwa hiyo jiulize unataka nini zaidi, nyumba au pesa. Unataka nyumba ili mwingine aingie alipe, nenda njia ya pili. Unataka pesa, na mali iliyomo ina thamani ya kweli, na mpangaji bado yupo mlango anaufungua asubuhi anaufunga jioni, hapo dalali ndo anafaa, na umwite mapema kabla mtu hajatoweka. Nyumba iliyokimbiwa kwa kawaida vitu vya maana vimeshatangulia usiku.

Kuna mtego mwingine kwenye njia ya pili na ni wa simu. Ukishatoa notisi ya kufuta upangaji, usidai wala usipokee kodi ya mwezi mpya kama vile mambo ni kawaida, ju unakuwa umeufufua upangaji mwenyewe. Sasa M-Pesa haikuulizi, pesa inaingia tu. Na sie wenye mifumo ya kutuma meseji kwa wapangaji wote tarehe moja, "kumbusho, kodi yako ya mwezi Machi imefika", ile meseji inamfikia na yule uliyempa notisi. Nikamtoa namba saba kwenye orodha siku ileile niliyobandika notisi. Pesa ikiingia, andika mara moja kwamba umeipokea kwa deni la nyuma, taja miezi, au irudishe.

Haya, namba saba ilivyokwenda. Notisi niliiandika kwa lugha ya kawaida, nikataja chumba, deni la Januari na Februari jumla 18,000, nikasema alipe ndani ya siku 30 la sivyo upangaji utafutwa na nitaingia, na vitu vitakavyokutwa vitaorodheshwa na kuwekwa stoo. Nikaibandika mlangoni tarehe 6 Februari na kuipiga picha pamoja na gazeti la siku hiyo (mama alinicheka, lakini picha ya simu tarehe yake inabishiwa), nikaituma Wasap kwa namba yake ingawa tiki ilibaki moja, nikamtumia dada yake, nikapeleka nakala kwa chifu. Katikati ya siku 30 nilifanya kitu kimoja ambacho nashauri kila mtu afanye, niliuliza kituo cha polisi na dada akauliza hospitali. Manake aliyekamatwa hajahama. Mtu yuko rimandi miezi miwili, simu imezuiliwa, na wewe unamhesabu kakimbia kodi. Akiwa amelazwa ni hivo hivo. Haimaanishi kwamba hadaiwi, lakini ile hoja yako kwamba kaiacha nyumba inakufa, na unakuwa na mtu wa kumpelekea notisi mkononi.

Siku 30 ziliisha tarehe 8 Machi, mlango tukaufungua tarehe 10 asubuhi. Tulikuwa watano: mie, fundi wa vitasa, mzee wa nyumba kumi, jirani wa namba nane, na dada yake ambaye nilimwita kwa makusudi. Kituoni nilikuwa nimeshaandikisha nikapewa nambari ya OB. Fundi alikata kufuli kwa msumeno wa chuma, kitasa akakitoa kizima bila kuvunja fremu. Kijana wangu mmoja akashika simu akirekodi tangu kufuli likiwa bado limefungwa, na hilo ni muhimu kuliko unavyodhani, vidio inayoanzia ndani haionyeshi kama mlango ulikuwa umefungwa au mlishaingia jana.

Harufu kwanza. Kulikuwa na sufuria ya ugali jikoni iliyoota ukungu wa kijani hadi imekuwa kama zulia. Friji hakuna, nashukuru Mungu. Tukaanza kuandika kutoka mlangoni kuzunguka kulia: tivi ya inchi 32, ina ufa mdogo pembeni chini (andika ufa, kesho utaambiwa umeuweka wewe), jiko la gesi la meko mbili, mtungi wa kilo 6, nikautikisa nikaandika "una gesi kidogo", godoro la futi nne kwa sita, stuli mbili, gunia la nguo ambalo hatukulihesabu nguo moja moja, tukalifunga kwa kamba na kuandika "gunia moja la nguo, limefungwa mbele ya mashahidi". Kwenye kabati la plastiki droo ya chini kulikuwa na bahasha ya kaki. Dada yake akaifungua, vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kadi ya kliniki. Pale wote tulinyamaza kidogo. Vyeti huwa havihesabiwi mali na bei havina, lakini ukivipoteza ndivyo vitakavyokutesa, mtu atakusamehe tivi hatakusamehe cheti cha mtoto. Bahasha ikawekwa peke yake, ikapigwa muhuri wa gundi na sahihi tano juu yake.

Orodha ikasainiwa kurasa mbili, kila mmoja akapiga picha yake. Vitu vikaenda stoo ya nyuma, kitasa kipya kikawekwa palepale, na upangaji nikauhesabu umeisha siku hiyo. Maana yake na kodi ilisimama siku hiyo. Huwezi kuchukua nyumba tarehe 10 na bado ukadai kodi ya mwezi mzima, wala kuendelea kuhesabu kodi ya chumba eti kwa sababu vitu vyake viko stoo. Unachoweza kudai ni gharama za kutunza, za kweli, zenye risiti.

Sasa mali. Hapa ndo sheria ya Kenya ni nyembamba na ndo watu wanajaza kwa uongo. Nimetumiwa notisi moja nzuri sana kwenye grupu la wenye nyumba, ina lugha ya kiofisi, inataja Sheria ya mwaka 1977 ya kuingilia mali. Hiyo ni ya Uingereza. Kenya tunatumia sheria ya kawaida ya Kiingereza na zile sheria zao za jumla zilizokuwepo tarehe 12 Agosti 1897, ndo Sura ya 8 inavyosema, kwa hiyo ya 1977 haituhusu hata kidogo, mtu kaipakua tu akabadilisha jina la mtaa. Ukiipeleka kwa mpangaji mwenye kaka wakili umejiaibisha.

Tulichonacho ni viwili. Kimoja ni ile kanuni ya kawaida kwamba aliyeachiwa mali bila kutaka asiiharibu kwa makusudi, asiifanye yake, na ampe mwenyewe nafasi ya kutosha kuichukua. Cha pili ni Sura ya 38, ya mali zisizochukuliwa, ambayo kiini chake ni fundi au gereji aliyepelekewa kitu mwenyewe asirudi. Fungua Gazeti Rasmi la Serikali la Ijumaa yoyote uone, kurasa za nyuma zina matangazo ya magari yaliyoachwa gereji na yadi, mwenyewe anapewa siku 30 aje alipe gharama za kutunza, la sivyo litauzwa kwa mnada au kwa makubaliano, gharama zikatwe, kinachozidi kiwekwe kwa jina lake. Wenye nyumba nao huazima njia hiyohiyo. Kwa mali kubwa, mashine za duka, samani za ofisi, gari lililoachwa kwenye kiwanja, mie ningelipa wakili aniambie kama inakaa na ningetangaza. Kwa godoro na stuli mbili gharama ya tangazo inazidi mali.

Na hata ukiuza, ile pesa si ya kodi moja kwa moja. Inalipia kutunza na kuuza. Deni la kodi ni kesi yake, au mkubaliane kwa maandishi. Hapa ndo tofauti na dalali inapokuja, dalali anakamata kwa ajili ya kodi kwa hiyo pesa inaenda kwenye kodi, ila njia yake umeshaiona.

Notisi ya mali niliitoa tarehe 12 Machi, siku 30 tena, orodha ikiwa imeambatanishwa. Siku ya 19 dada akaja na mkokoteni. Hesabu ilikuwa hivi: Januari 9,000, Februari 9,000, siku kumi za Machi 3,000, jumla 21,000, toa dipoziti 9,000 inabaki 12,000. Fundi na kitasa na kufuli vilikuwa 2,150. Mali yote pamoja, bei ya mtumba, nilikadiria kama elfu kumi, na tivi yenye ufa ndo nusu yake. Dada akanipa 4,000, tukaandikiana kwamba vitu vyote kavichukua kulingana na orodha, kwamba mimi sidaiwi kitu chochote, na deni lililobaki ni la ndugu yake mwenyewe. Sikumzuilia vitu mpaka alipe yote, ju haki ya kuzuia mali kwa kodi nilikuwa sina tena tangu nilipochukua nyumba. Nimepata hasara? Ndiyo, kama elfu kumi. Lakini tarehe 1 Aprili chumba kilikuwa na mtu.

Linganisha na landilodi mwenzangu upande wa barabarani, duka la simu, elfu ishirini na tano kwa mwezi, jamaa kafunga shata wiki sita. Yeye akakata kufuli usiku, peke yake na soja, akatoa vitu akavirundika nyuma. Wiki iliyofuata mwenye duka akatokea, alikuwa kwao kwa msiba, akasema mlikuwa na simu 60 mle ndani na pesa taslimu kwenye droo. Zilikuwepo? Mungu anajua, orodha hakuna, shahidi ni soja wa landilodi. Madai ya mali iliyopotea mpaka shilingi milioni moja yanaingia korti ya madai madogo, mtu anajisimamia bila wakili, na landilodi anabaki hana orodha ya kujitetea nayo. Na hili lilikuwa duka la Sura ya 301, ambalo hata kama lina utando wa buibui, kumaliza upangaji kunataka notisi kwa fomu iliyowekwa, ya miezi miwili, na mwenye duka ana haki ya kuipinga mbele ya jopo. Njia aliyopaswa kufuata ilikuwa ni ombi BPRT kwamba duka limefungwa, kodi haijalipwa, aruhusiwe kufungua, mali iorodheshwe polisi wakiwepo. Amri za aina hiyo jopo linatoa. Na hata kukamata mali kwa kodi, jopo ndo lenye uwezo wa kukupa ruhusa, nami kwa duka nisingethubutu kumtuma dalali bila karatasi yao. Vilevile nyumba ya chini ya 2,500, pita kwenye jopo lake kwanza.

Kwa hiyo kwa duka naona hakuna hata mjadala, njia ya nne, hata kama inauma mfukoni. Kwa chumba cha kuishi cha kawaida chenye vitu vya elfu kumi, njia ya pili. Katikati pana zile nyumba za kulipa elfu themanini zenye masofa na friji mbili, hapo ningetaka amri hata kama sheria inaniruhusu kuingia, sababu ni thamani ya mali na sio ugumu wa mlango.

Mawili yanabadilisha kila kitu. Mpangaji akiwa kafariki, usiguse. Mali ya marehemu inalindwa na Sura ya 160, kifungu cha 45, kuichezea ni kosa hata kama nia yako ni njema, na hata dada yake huwezi kumkabidhi tivi hivi hivi kabla familia haijapata karatasi za kusimamia mirathi. Funga, andikisha OB, piga simu kwa familia. Na la pili ni mali ya watu wengine. Tivi inayolipiwa kidogo kidogo bado ni ya kampuni, cherehani inaweza ikawa ya rafiki, na mtungi wa gesi wa jirani. Akija mtu anadai kitu, mwambie alete risiti, mpigie picha, asaini. Usimpe kwa maneno.

Tangu hapo mkataba wetu mama kauongeza mistari mitatu. Funguo zinarudishwa kwa kusaini daftari na tarehe ya kuhama inaandikwa palepale. Namba za watu wawili wa karibu, sio mmoja, na notisi ikitumwa kwao pia inahesabika imefika. Na vitu vitakavyoachwa vitatunzwa siku 30 baada ya notisi, baadaye mwenye nyumba ana ruhusa ya kuviuza, atoe gharama na deni la kodi, kinachozidi akirudishe. Ule mstari wa mwisho ndo nilioukosa kwa namba saba. Funguo zake za zamani mpaka leo hazijarudi, kitasa chake kiko stoo kwenye mfuko wa nailoni pamoja na lile kufuli lililokatwa.